Barua iliyosomwa na kazi isiyofanyika: uchambuzi wa kisa cha kikasha kimoja

Ofisi ninayoizungumzia ina watu watano na kazi yake ni kutafsiri hati. Barua pepe zote huingia kwenye anwani moja ya Gmail, na anayezipokea ni mratibu, ambaye huamua nani atafsiri nini, hulipa ankara za wafasiri wa nje, na huhakikisha kila mteja amepata hati yake kwa wakati. Jumanne moja asubuhi mteja wa miaka mingi alileta mkataba wa kurasa 14, akitaka urudi ndani ya siku tatu kama walivyozoeana. Mratibu aliifungua barua, akaisoma yote, akaona kuwa mfasiri anayefaa hatapatikana hadi mchana, akaiacha ili airudie baadaye. Hakuirudia. Ijumaa alasiri mteja alipiga simu kuuliza kazi yake iko wapi, na barua ilipotafutwa ilikutwa mahali pake halisi, ndani ya folda yenye jina la mteja huyo, imesomwa, chini ya barua nyingine kadhaa za mteja huyohuyo.

Niliitwa kusaidia wiki iliyofuata, na jambo la kwanza aliloniambia mratibu lilikuwa hili: «Barua niliiona. Kazi ndiyo sikuiona.» Sikupata maelezo bora kuliko hayo kwa muda wote niliokaa nao, na uchambuzi huu wote unafuata maneno hayo.

Ni lazima nimtendee haki mratibu huyu, kwa sababu hakuwa mtu wa kikasha kichafu. Alikuwa na vichujio 31, na kila kimoja kilipeleka barua kwenye folda yake: kila mteja mkubwa na folda yake, wafasiri na yao, benki na yake, matangazo na yake. (Gmail huziita lebo badala ya folda, na barua moja inaweza kuwa na lebo mbili kwa pamoja, tofauti hiyo itatufaa mbele kidogo, lakini kwa sasa nitaziita folda kama ofisi ilivyoziita.) Tatizo ni kwamba folda zote 31 zilijibu swali moja tu, yaani barua imetoka kwa nani, na hakuna hata moja iliyojibu swali ambalo mratibu alikuwa nalo kila asubuhi, yaani ni kipi kitakachoharibika kisipoguswa leo. Mpangilio wa aina hiyo humsaidia mtu anayetafuta barua anayoijua. Kwa kazi aliyoisahau hauna msaada wowote, kwa sababu mtu hafungui folda ya mteja ambaye hamkumbuki. Tena unazidisha hatari, kwa kuwa barua ikishaondoka kwenye kikasha na kuingia folda yake, jicho huihesabu kama jambo lililokwisha kushughulikiwa.

Kabla ya kugusa kichujio chochote tulikaa na barua za siku 30 zilizopita, tukazipitia moja baada ya nyingine. Zilikuwa 412. Kati ya hizo, 96 zilidai mtu afanye kitu, na zilizobaki zilikuwa za kusoma tu au za kufuta. Tulipozitazama hizo 96 kwa swali la tarehe, zilijigawa zenyewe. Zilizokuwa nyingi zaidi, 61, hazikutaja tarehe yoyote, lakini muda wake ulijulikana kwa mazoea: tafsiri ya wateja wa kawaida hurudi ndani ya siku tatu, ankara ya mfasiri wa nje hulipwa ndani ya siku saba. Barua 23 zilikuwa na tarehe yake ndani ya maandishi, kama vile mkutano wa tarehe fulani au leseni ya programu inayokwisha mwezi ujao. Zilizobaki 12 hazikuwa na tarehe kabisa, wala hakuna ambaye angeumia zikikaa.

Mgawanyo huo ndio ulioamua kila kitu kilichofuata. Kichujio hakijui kusoma maandishi na kuelewa kwamba «kabla ya Alhamisi ijayo» ni tarehe. Kinachojua ni anwani ya mtumaji, maneno ya kwenye mada au ndani ya barua, kuwepo kwa kiambatisho, na anwani iliyotumiwa kupokea. Lakini kwa zile barua 61 hakuna haja ya kusoma tarehe, kwa kuwa tarehe inapatikana kwa kujumlisha: siku barua ilipoingia, pamoja na idadi ya siku ambayo ofisi imejiwekea kwa kazi ya aina hiyo. Siku ya kuingia huandikwa na mfumo wenyewe kwenye kila barua. Kinachokosekana ni ile idadi ya siku tu, na hiyo inaweza kuandikwa kwenye jina la folda.

Kwa hiyo tulifungua folda mbili mpya, `Kazi-03` na `Kazi-07`, pamoja na ya tatu iliyoitwa `Kazi-30` ambayo nitaieleza mwishoni. Jina halisemi barua imetoka kwa nani wala inahusu nini. Linasema siku ngapi. Zile folda za wateja hatukuzifuta, kwa sababu barua moja kwenye Gmail inaweza kubeba lebo ya mteja na lebo ya muda bila zote mbili kugombana. Anayetumia mfumo ambao barua hukaa kwenye folda moja tu, kama Outlook, atalazimika kuchagua, na ushauri wangu ni achague folda ya muda hadi kazi iishe, kisha ndipo aihamishie barua kwenye folda ya mteja. Huko pia kanuni hufuatana kwa mpangilio kutoka juu kwenda chini, kwa hiyo kanuni za muda zikae juu na ziwekewe alama ya `Stop processing more rules`, vinginevyo kanuni ya zamani ya mteja itaigusa tena barua ileile.

Kosa la kwanza tulilifanya hapahapa, na nimeliona kwa watu wengi hivi kwamba nitalieleza kwa utulivu. Mratibu alijua kwamba Gmail ina neno la kutafutia `older_than:3d`, ambalo huleta barua zenye umri wa zaidi ya siku tatu, akaliweka ndani ya kichujio akitumaini kwamba barua ikifikisha siku hizo itapewa lebo ya «imechelewa». Kichujio kilikubalika bila kulalamika, na hakikufanya lolote. Sababu ni kwamba kichujio hufanya kazi mara moja tu, wakati barua inapoingia, na wakati huo umri wake ni sifuri. Hakingoji wala hakirudi kuitazama tena. Anayehesabu siku ni utafutaji, ambao hufanywa upya kila unapofunguliwa. Ukishaelewa mgawanyo huo wa kazi, kwamba kichujio kinabandika idadi ya siku na utafutaji unahesabu, mfumo mzima unakuwa mwepesi.

Vichujio vyenyewe vilikuwa vichache. Cha kwanza kilishika wateja wa kawaida kwa majina ya vikoa vyao, yaani sehemu ya anwani inayofuata alama ya `@`, na kikadai kiambatisho, kwa sababu mteja anayeleta kazi huleta hati, na anayeuliza tu hali ya kazi haleti:

```
from:(@mteja-a.example OR @mteja-b.example) has:attachment
```

Hicho kilibandika `Kazi-03`. Cha pili kilishika ankara kwa neno la kwenye mada, pia kwa sharti la kiambatisho, kikabandika `Kazi-07`:

```
subject:(ankara OR bili OR invoice) has:attachment
```

Cha tatu kilikuwa kwa wateja wapya, ambao vikoa vyao havijulikani. Gmail hupokea barua hata kama jina la anwani limeongezewa alama ya kujumlisha na neno lolote, kwa hiyo kwenye fomu za ofisi iliwekwa anwani ileile yenye `+tafsiri` kabla ya `@gmail.com`, na kichujio kikaitafuta anwani hiyo kwenye sehemu ya mpokeaji. Hakuna akaunti mpya iliyofunguliwa.

Kwa kila kichujio tulichagua `Apply the label` na `Never send it to Spam`, na tukaacha wazi visanduku viwili ambavyo mtu hushawishika kuviwekea alama. Kimoja ni `Skip the Inbox (Archive it)`, kwa kuwa barua mpya inafaa iendelee kuonekana kikashani siku inapoingia. Folda ya muda haichukui nafasi ya kusoma barua, inalinda kile kilichosomwa kikaachwa. Kingine ni kile cha kutumia kichujio kwa barua za zamani. Mtu anaweza kudhani ni vyema historia nayo ipangwe, lakini kwa mfumo huu kufanya hivyo ni maafa: tarehe zinahesabiwa kuanzia siku ya kuingia, hivyo barua zote za mwaka uliopita zingepata lebo na kuonekana kwa mkupuo kama kazi zilizochelewa, na orodha ya kwanza ambayo mratibu angeifungua ingekuwa na mamia ya uongo.

Baada ya hapo palihitajika mahali pa kuonea. Kwenye mipangilio ya Gmail, sehemu ya `Inbox`, kuna aina ya kikasha iitwayo `Multiple Inboxes`, inayokuwezesha kuweka visehemu visivyozidi vitano, kila kimoja kikiwa ni utafutaji uliohifadhiwa, na kuviweka juu ya kikasha cha kawaida. Kisehemu cha kwanza tulikipa jina «Leo» na utafutaji huu:

```
(label:kazi-03 older_than:1d) OR (label:kazi-07 older_than:5d)
```

Msomaji makini atauliza kwa nini siku moja na tano, wakati muda ni siku tatu na saba. Tulianza na mbili na sita, ili kazi ionekane siku moja kabla ya mwisho wake, na ndani ya siku chache mratibu akagundua kwamba hilo halimfai: mkataba wa kurasa 14 ukionekana leo na unatakiwa kesho, onyo hilo halina faida. Siku anayohitaji kuiona kazi si siku ya kuikabidhi, ni siku ya mwisho ambayo bado inawezekana kuianza. Kwa ofisi yake siku hiyo ni mbili kabla ya mwisho, kwa hiyo tatu ikawa moja, na saba ikawa tano. Ofisi nyingine itakuwa na tofauti yake, na njia ya kuipata ni kujiuliza kazi ya kawaida huchukua muda gani tangu ianze hadi iishe, kisha kutoa muda huo kwenye ahadi. Siku hizo mbili zilisaidia pia kufunika saa chache zinazoweza kuteleza mpakani, barua inapoingia jioni na orodha kutazamwa asubuhi.

Mwisho wa juma ulihitaji hesabu yake. Utafutaji huhesabu siku za kalenda na haujui kwamba Jumamosi ofisi imefungwa, hivyo kazi iliyoingia Alhamisi na yenye siku tatu huangukia Jumapili. Tuliongeza kisehemu cha pili, «Ijumaa», ambacho kinatoa siku mbili zaidi katika kila hesabu. Tano ikawa tatu, na moja ikaisha kabisa, maana yake siku ya Ijumaa folda nzima ya siku tatu inafunguliwa bila kujali umri:

```
label:kazi-03 OR (label:kazi-07 older_than:3d)
```

Kumaliza kazi kulikuwa na tendo moja tu, nalo ni kuondoa lebo ya muda. Nililazimika kulisisitiza kwa sababu mratibu alizoea kuhifadhi barua akimaliza, na kuhifadhi huitoa barua kikashani lakini hakuiondolei lebo, kwa hiyo kazi zilizokwisha ziliendelea kuonekana kwenye «Leo» kwa siku tatu za mwanzo hadi akaanza kuidharau orodha. Dharau ya namna hiyo ikishaingia, orodha imekufa hata kama hesabu zake ni sahihi.

Wiki ya pili lilitokea jambo lililonifundisha zaidi kuliko yote. Siku mbili mfululizo hapakuwa na ankara hata moja, na mratibu alifurahi. Mimi nilipata shaka, kwa kuwa kwenye zile barua za mwezi uliopita ankara zilikuwa zikija karibu kila siku ya kazi. Tulifungua `label:kazi-07` peke yake, bila hesabu ya umri, tukakuta haijapokea kitu tangu Jumatatu. Tulipopitia kikasha kwa macho tuliikuta ankara ya mfasiri mmoja yenye mada «INV2041 Mei», na ya mwingine yenye mada «Malipo». Ya pili inaeleweka: neno halikuwa kwenye kichujio. Kwa ya kwanza tungesema kichujio kiongezewe `INV`, na hilo lisingesaidia, kwa sababu Gmail hulinganisha neno zima na haitafuti kipande cha neno; `INV` haiwezi kuipata «INV2041» iliyoandikwa bila nafasi. Tungeongeza maneno bila kikomo. Badala yake tuliwaingiza wafasiri wote wa nje kwa anwani zao, na kichujio cha ankara kikawa na sharti la mtumaji na kiambatisho, bila kutegemea mada. Ni kweli kwamba mfasiri akirudisha hati aliyoitafsiri nayo hupata lebo ya siku saba, na mratibu huiondoa kwa mkono. Tuliona hiyo ni bei ndogo, kwa sababu lebo ya ziada inaonekana na kuondolewa papo hapo, na ankara iliyopotea haionekani hadi mwenyewe alalamike.

Kutokana na tukio hilo tuliweka ukaguzi wa kila Ijumaa, wa dakika chache, unaotafuta kile ambacho vichujio havikushika:

```
has:attachment newer_than:7d -label:kazi-03 -label:kazi-07 in:inbox
```

Kinachotokea hapo huwa ni barua zisizo na kazi, kazi zilizokwisha kuondolewa lebo, na mara mojamoja mtumaji mpya ambaye hakuna kichujio kinachomjua. Huyo wa mwisho ndiye anayetafutwa. Folda ya barua taka hufunguliwa kando siku hiyohiyo, kwa sababu utafutaji wa kawaida hauingii humo.

Kasoro nyingine ilihusu majibu. Mteja anayerudishiwa tafsiri yake mara nyingi hujibu «Asante sana», na sahihi yake ina nembo ambayo wakati mwingine huhesabiwa kuwa kiambatisho, basi kichujio kikaibandika barua ya shukrani `Kazi-03`. Mratibu alipendekeza kichujio kikatae barua zote ambazo ni majibu. Nilipinga, na ningepinga tena, kwa sababu wateja wa miaka mingi wana tabia ya kuleta kazi mpya kwa kujibu barua ya zamani. Wanaifungua iliyo karibu, wanabandika hati, wanatuma. Kwenye mazungumzo yaliyokunjwa pamoja, kazi hiyo mpya hujificha chini ya mada ya mwezi uliopita, na ukiondoa lebo kwa mazungumzo yote unaiondoa na kwake. Suluhisho lilikuwa kuzima mkusanyiko wa mazungumzo kwenye mipangilio ya jumla, `Conversation view off`, ili kila barua isimame peke yake na lebo iondolewe kwa barua moja moja. Mratibu aliuchukia muonekano huo kwa takriban wiki, kisha akauzoea. Shukrani zinaendelea kupata lebo, naye anaziondoa.

Zilibaki zile barua 23 zenye tarehe ndani yake. Kwa hizo hatukujaribu kichujio kabisa. Mratibu akisoma barua ya namna hiyo anabonyeza kitufe cha kuahirisha, `Snooze`, na kuchagua siku anayotaka irudi, ambayo kwa mazoea ya ofisi hiyo ni siku mbili za kazi kabla ya tarehe iliyotajwa. Barua inatoweka kikashani na kurudi juu siku hiyo. Ni kazi ya mkono, lakini ni barua isiyofika moja kwa siku, na jicho la mtu ndilo pekee linalojua kwamba «mwisho wa mwezi» katika barua fulani ni tarehe 28 kwa kuwa mhusika anasafiri tarehe 29.

Mfumo huu una kikomo kimoja kinachouma, nacho ni simu. Visehemu vya «Leo» na «Ijumaa» huonekana kwenye kompyuta tu. Programu ya simu haivionyeshi. Mratibu akiwa nje ya ofisi anafungua folda ya `Kazi-03` yenyewe na kutazama tarehe za kuingia, za zamani zikiwa chini kabisa. Inatosha kwa siku moja ya safari, haitoshi kwa mtu ambaye kazi yake yote iko simuni.

Folda ya `Kazi-30` ilikusudiwa barua za leseni na za mikataba ya mwaka, kwa dhana kwamba taarifa huja siku 30 kabla. Ilipokea barua nne ndani ya miezi mitatu, na zote nne zilikuwa na tarehe kamili ndani yake, ambayo haikulingana na hesabu ya folda: moja ilikuja siku 45 kabla, nyingine siku 10. Tuliifuta, na barua za aina hiyo sasa huahirishwa kwa mkono kama zile 23. Zimebaki folda mbili za muda, vichujio vyake vitatu, na visehemu viwili juu ya kikasha. Yule mteja wa mkataba wa kurasa 14 alileta kazi nyingine Jumatano moja jioni, kwa kujibu barua ya miezi miwili nyuma yenye mada isiyohusika kabisa. Alhamisi haikuguswa na mtu. Ijumaa asubuhi ilikuwa ya kwanza kwenye orodha.